Kufutiwa Deni ni Kusogea Kulia: Kutoa Nambari Hasi kwenye Mstari wa Nambari

Mtoto akipewa 4 − 3 anajibu kabla hujamaliza kuandika. Mpe 4 − (−3) uone mkono unavyosita. Wengi hukimbilia msemo waliokaririshwa darasani, "hasi mbili ni chanya", wanaandika 7, wanapigiwa tiki na mambo yanaisha. Kesho yake wanakutana na −4 − 3. Wanaona hasi mbili, wanautoa msemo uleule, wanaandika 7 tena. Jibu ni −7. Msemo ni ule ule, ila hawakuwahi kuambiwa unahusu nini, kwa hivyo wanaupachika popote wanapoona vistari viwili.

Ninaandika kwa ajili ya mzazi, dada au kaka mkubwa, au mwalimu anayekaa na mtoto jioni na daftari la hesabu. Unahitaji chaki, sakafu ya simiti, na vifuniko vya soda kama ishirini. Mfano tutauchukua Kibuye, hapa Kisumu, kwa muuza omena, kwa sababu mtoto anayekulia karibu na soko anajua deni ni nini muda mrefu kabla hajajua nambari hasi. Ametumwa dukani mara nyingi aseme "mama amesema uandike".

Kwanza, chora mstari

Chora mstari mrefu sakafuni, ukitoka kushoto kwenda kulia. Katikati andika 0. Kulia kwa sifuri weka 1, 2, 3 hadi 10, na kushoto −1, −2, −3 hadi −10. Nafasi kati ya nambari na nambari ziwe sawa, kiasi cha hatua moja ya mtoto, maana atatembea juu yake. Kama nafasi ni finyu, uchore kwenye karatasi na utumie kidole:

```
-6  -5  -4  -3  -2  -1   0   1   2   3   4   5   6
```

Kisha mkubaliane kwamba hatua moja ni shilingi 100. Nambari 4 ni shilingi 400, na −3 ni deni la shilingi 300 ambalo huna cha kulilipia.

Kabla ya kuendelea, hakikisha upande wa kushoto umeeleweka. Watoto wengi wanadhani −5 ni kubwa kuliko −2 kwa kuwa tano ni kubwa kuliko mbili. Usimpe kanuni, muulize tu: nani ana nafuu, anayedaiwa mia tano au anayedaiwa mia mbili? Hakuna mtoto atakayekosea hapo. Basi mwenye nafuu anasimama kulia zaidi, ndiyo maana −2 iko kulia kwa −5.

Pili, mweleze anaposimama pana maana gani

Hapa usiwe na haraka, kwa sababu kila kitu kitakachofuata kinasimama juu ya jambo hili moja. Mahali unaposimama kwenye mstari hapaonyeshi pesa zilizo mfukoni. Panaonyesha hali yako, yaani pesa ulizo nazo ukishatoa madeni unayodaiwa.

Chukua bibi anayeuza omena Kibuye. Wajukuu wake wanamwita Dani. Leo mchana kwenye mfuko wa aproni ana shilingi 700. Lakini anadaiwa shilingi 300 na mtu aliyemletea gunia la omena asubuhi, salio ambalo hakuwa amemalizia. Omena zenyewe zimeshauzwa zote. Hali yake ni 700 ukitoa 300, yaani 400. Anasimama kwenye 4.

Sasa mwulize mtoto: ni nani mwingine anasimama kwenye 4? Mtu mwenye shilingi 400 asiye na deni lolote yuko hapo. Mwenye shilingi 900 na deni la 500 yuko hapo. Hata mwenye shilingi 2,000 mfukoni na deni la 1,600 yuko hapo hapo, ingawa ukimwona akihesabu noti zake utadhani ni tajiri kuliko wenzake.

Vifuniko vya soda vitakusaidia mtoto alione hili kwa macho. Kifuniko kilicholala na maandishi juu ni pesa, shilingi 100. Kilichogeuzwa, tumbo likitazama juu, ni deni la shilingi 100. Mpangie Dani: vifuniko saba vya pesa kwenye mstari mmoja, na chini yake vitatu vya deni. Kila kimoja cha pesa kikikaa na kimoja cha deni, wawili hao wanamalizana na kuwa sifuri. Ondoa jozi hizo tatu machoni, vinabaki vinne vya pesa. Zirudishe, hali bado ni nne. Mwache mtoto azitoe na kuzirudisha mpaka akubali mwenyewe kwamba kuongeza au kupunguza jozi hakubadilishi chochote. Tutakuja kuzihitaji jozi hizo.

Tatu, mitembeo minne

Mtoto asimame kwenye 4, uso ukielekea kulia. Mpe matukio manne, na kila likiisha arudi kwenye 4.

La kwanza, mtu amempa Dani zawadi ya shilingi 300. Ameongezewa pesa, anasogea kulia hatua tatu. 4 + 3 = 7.

La pili, Dani ameangusha shilingi 300 njiani. Pesa zimeondoka, anasogea kushoto hatua tatu. 4 − 3 = 1.

La tatu, Dani amekula ugali na samaki kibandani na hajalipa, wameandika shilingi 300. Chakula kimeisha, kilichobaki ni deni. Ameongezewa deni, hali imeshuka, anasogea kushoto hatua tatu. Kuongezewa deni la 3 kunaandikwa kwa kujumlisha nambari hasi: 4 + (−3) = 1.

La nne ndilo lililotuleta hapa. Yule mwenye gunia amerudi jioni. Dani amemwonyesha jinsi gunia lilivyokuwa na mchanga mwingi chini, kwa sababu omena zilianikwa ardhini na zikazolewa na mchanga wake. Mzee wa watu anaona haya, anasema, "Basi mama, hizo mia tatu wacha." Deni la 300 limeondolewa. Kuondoa ni kutoa, na kilichoondolewa ni −3, kwa hivyo tunaandika 4 − (−3).

Kabla hujamwambia mtoto aende wapi, mwulize: hali ya Dani imekuwa nzuri zaidi au mbaya zaidi? Nzuri zaidi. Basi anasogea kulia, hatua tatu, anafika 7. Na ukihesabu unakuta kweli ana shilingi 700 na hadaiwi na mtu. 4 − (−3) = 7.

Hapa mtoto makini atakuuliza swali, na ukilipata ujue somo linaingia:

"Lakini Dani, hakuna mtu amekupa pesa. Hizo mia tatu zimetoka wapi?"

"Zilikuwa hapa hapa kwenye aproni, mjukuu wangu. Ila asubuhi hazikuwa zangu."

Hilo ndilo jibu lote. Pesa mfukoni zilikuwa 700 kabla ya msamaha, na zimebaki 700 baada yake. Kilichosogea ni hali. Mtoto anayechanganya mfuko na hali ataona 4 − (−3) = 7 kama mazingaombwe.

Nne, kulipa deni si kufutiwa deni

Nimeona wazazi wengi wakieleza hivi: "Kutoa hasi ni kama kulipa deni, ukilipa deni unakuwa na pesa zaidi." Mtoto mwerevu atakataa, na ana haki ya kukataa. Ukilipa deni mfuko unapungua! Wapi umekuwa na zaidi?

Tuurudishe nyuma mchana wa Dani. Ana 700 na anadaiwa 300. Safari hii hakuna msamaha. Mwenye gunia amekuja na Dani amemhesabia mia tatu mkononi. Mambo mawili yametokea kwa pamoja. Pesa 300 zimeondoka, na hiyo ni kutoa 3. Deni la 300 nalo limeondoka, na hiyo ni kutoa −3. Tuandike yote mawili:

```
4 - 3 - (-3) = 1 - (-3) = 4
```

Mtoto anatembea kushoto hatua tatu hadi 1, kisha kulia hatua tatu, anarudi 4 alikoanzia. Kulipa deni hakukuinui wala hakukushushi. Unavyo vifuniko, basi vitumie: ondoa vitatu vya pesa na vitatu vya deni, yaani jozi tatu, na tulishakubaliana kwamba jozi hazibadilishi kitu.

Kukopa pesa taslimu ni hivyo hivyo kwa upande mwingine. Ukikopa shilingi 500, mfuko umeongezeka 500 na deni limeongezeka 500, umebaki palepale. Kwa hivyo ukitunga mifano yako mwenyewe ya kutoa nambari hasi, tumia deni linaloondoka bila pesa kutoka: kusamehewa, faini kufutwa, kosa la daftari kurekebishwa, au mtu mwingine kukulipia. Shangazi akikulipia deni lako la dukani kama zawadi, mfuko wako haujaguswa na deni limekwisha. Huo ni mfano safi.

Tano, deni unaloondoa likiwa halionekani

Sasa swali gumu kidogo. Mtu ana shilingi 400 na hadaiwi na yeyote. Anaambiwa ahesabu 4 − (−3). Utaondoaje deni ambalo halipo?

Rudi kwenye vifuniko. Weka vinne vya pesa. Hakuna cha deni cha kuondoa. Lakini unaruhusiwa kuongeza jozi, kwa sababu jozi ni sifuri. Ongeza jozi tatu: sasa kuna vifuniko saba vya pesa na vitatu vya deni, na hali bado ni 4. Hivi sasa yuko sawasawa na Dani wa mchana. Ondoa vile vitatu vya deni. Vimebaki saba.

Ukitaka hadithi ya kuambatana na vifuniko, ni hii: mtu huyo mwenye 400 alikopa taslimu 300 kutoka kwa dada yake, akawa na 700 mfukoni na deni la 300. Hali haikubadilika. Kisha dada akasema, "Usijali, hizo zako." Tokea 4 hadi 7, na aliyeanza hakuwa na deni hata la senti.

Wazo hili si la juzi. Mwaka 628 mwanahisabati wa Uhindi, Brahmagupta, aliandika kanuni za nambari hasi akizitaja kwa majina ya mali na madeni, na moja ya kanuni zake inasema kwamba deni likitolewa kwenye sifuri linakuwa mali. Kwa maandishi yetu ni 0 − (−3) = 3. Mjaribishe mtoto kwa vifuniko: meza tupu, jozi tatu juu yake, ondoa madeni matatu, tazama kilichobaki.

Kuanzia upande wa kushoto kunafuata njia ileile. Mtu yuko −5, anadaiwa 500 na hana kitu. Anasamehewa 200. −5 − (−2): anasogea kulia hatua mbili, anafika −3. Bado ana deni, lakini dogo. Mwonyeshe mtoto hili mapema, kwa sababu wale wa "hasi mbili ni chanya" hutegemea jibu lenyewe litoke chanya. Kilicho chanya hapa ni mwelekeo wa hatua, si mahali unapofikia. Ukianzia mbali kushoto, unaweza kwenda kulia na bado usivuke sifuri.

Sita, kesi nzima: daftari la chama

Hesabu hii ikitoka darasani utaikuta kwenye chama. Tuseme chama kina faini ya kuchelewa, shilingi 100, na faini ya kukosa mkutano bila udhuru, shilingi 300. Mweka hazina ana ukurasa wa kila mwanachama. Ukurasa wa mwanachama mmoja unasomeka hivi: alilipa zaidi mwezi uliopita, +200. Alichelewa, −100. Alichelewa tena, −100. Alikosa mkutano, −300. Jumla ni −300, kwa hivyo anatakiwa kuleta mia tatu.

Anakuja mkutanoni na malalamiko mawili. Siku aliyokosa alikuwa ametuma ujumbe mapema kwamba mtoto ni mgonjwa, na mwenyekiti anakumbuka kuupokea. Na moja ya faini za kuchelewa si yake, ni ya mwanachama mwenye jina linalofanana na lake. Chama kinakubali yote mawili.

Mweka hazina sasa anaondoa faini ya 300. Faini iliandikwa −300, kuiondoa ni kutoa −300:

```
-300 - (-300) = 0
```

Kwenye mstari ametoka −3 akasogea kulia hatua tatu hadi sifuri. Kisha inaondolewa ile ya kuchelewa:

```
0 - (-100) = 100
```

Sasa yuko 1. Chama ndicho chenye shilingi 100 zake. Tuhakikishe kwa njia ya moja kwa moja: ukurasa ukiandikwa upya bila faini zile mbili, unabaki na +200 na −100, jumla 100. Yameafikiana.

Kosa linalotokea hapa lina alama yake, na mtu akiijua atalishika haraka. Mweka hazina aliyechoka anasikia "toa mia tatu", anatoa 300 ya kawaida: −300 − 300 = −600. Badala ya kumwondolea faini amemwongezea nyingine. Mkutano ujao mwanachama anadaiwa mia sita wakati yeye anajua hadaiwi kitu. Tofauti kati ya alichoandikiwa na kilicho sahihi ni 600, mara mbili ya faini yenyewe. Ni lazima iwe mara mbili: alipaswa kwenda kulia hatua tatu, akaenda kushoto hatua tatu, umbali kati ya vituo hivyo ni hatua sita. Kwa hivyo daftari lolote likikataa kulingana, chukua tofauti uigawe kwa mbili, kisha upekue kurasa ukitafuta kiasi hicho. Ukikipata, angalia kama kiliandikwa na alama ya upande usio wake. Si kila tofauti inatokana na hilo, lakini ni jambo la dakika mbili kuangalia.

Saba, njia ya kujihakikishia

Kuna namna nyingine ya kusoma kutoa ambayo haihitaji kuondoa chochote. Kutoa ni kuuliza umbali: kutoka nambari ya pili hadi ya kwanza ni hatua ngapi, na kwa upande gani? 7 − 5 ni kuuliza kutoka 5 hadi 7. Hatua mbili kulia, jibu 2.

Basi 4 − (−3) ni kuuliza kutoka −3 hadi 4. Mtoto asimame kwenye −3 atembee. Hatua tatu za kufika sifuri, nyingine nne za kufika 4, jumla saba kulia. Kwa lugha ya soko: Dani yuko 4, jirani yake wa meza ya pili yuko −3. Dani amempita kwa shilingi 700, maana jirani anahitaji 300 kulipa deni lake na 400 nyingine ndipo walingane.

Ukibadilisha mpangilio, −3 − 4, unatoka 4 kwenda −3, hatua saba kushoto, −7. Na −4 − 3, lile swali lililowaangusha watu mwanzoni, ni kutoka 3 hadi −4, hatua saba kushoto vilevile. Kwa pesa, aliyekuwa −4 amepoteza 300 zaidi. Hakuna deni lililoondolewa popote hapo. Kile kistari cha kwanza kinasema anapoanzia, cha pili kinasema pesa zimetoka. Ili kujua kama kuna deni linaloondolewa, tafuta alama mbili zilizokaa bega kwa bega bila nambari katikati yake, kama − (−. Zisipogusana hivyo, ule msemo hauna kazi.

Nashauri uanze na kuondoa deni, umbali uje baadaye wa kuhakikishia. Lakini swali likiwa la joto au la urefu juu na chini ya usawa wa bahari, umbali ndio unaofaa, kwa sababu hakuna anayesamehewa nyuzi za baridi.

Kuhusu kalkuleta ya simu, mabano ni muhimu. Kwenye baadhi ya simu ukibonyeza 4, kisha kutoa, kisha kutoa tena, kisha 3, alama ya pili inachukua nafasi ya ya kwanza na unapewa 1. Andika `4-(-3)` na mabano yake, upate 7.

Mwisho, swali moja la kupima

Usimpe mtoto maswali thelathini. Mpe hili moja, −6 − (−4), na umwache aandike jibu bila kutembea. Kila jibu linakuambia mahali alipo.

Akiandika −2, ameelewa: alidaiwa mia sita, akasamehewa mia nne, zimebaki mia mbili. Mwambie akusimulie hivyo kwa mdomo, usikie kama hakubahatisha.

Akiandika −10, hakuuona ule mstari wa ndani ya mabano, au ameuona akaupuuza. Amehesabu −6 − 4, amemwongezea mtu hasara badala ya kumfutia deni. Ni kosa la mweka hazina. Mrudishe kwenye tukio la nne la Dani, na umwulize kwanza kama hali imekuwa nzuri au mbaya.

Akiandika 10, msemo wa hasi mbili umemmeza. Amegeuza kila alama kuwa ya kujumlisha, hata ile inayoonyesha anapoanzia. Mweke mguu juu ya −6 kabla hajafanya kitu kingine, na asiondoke hapo mpaka aseme anadaiwa shilingi ngapi.

Akiandika 2, mwelekeo ameupata lakini amesahau alikotoka. Ametoa nne kwenye sita kama nambari za kawaida. Huyu yuko karibu sana. Mtembeze hatua nne kulia kutoka −6 akihesabu kwa sauti, −5, −4, −3, −2, kisha mwulize kama amevuka sifuri.